Ndege au Basi kwenda Dar: Bei ya Saa Moja

Leo nazungumza na jirani zangu wa Chuno kwanza, kisha na wa Shangani, Likombe, Magomeni mpaka Mikindani, kuhusu jambo linalozungumzwa vibarazani kila mtu anapopata safari: kwenda Dar es Salaam nipande ndege au basi? Majibu huwa mepesi mno. Mwenye pesa husema ndege, asiye nazo husema basi, na mazungumzo yanaishia hapo. Nadhani hesabu yenyewe ni tamu kuliko hivyo, na wakati mwingine inamshangaza hata mwenye pesa.

Niwaondoe kwanza wenye kuuliza habari za treni. Mtwara tuliwahi kuwa na reli, iliyoletwa na ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilitoka Nachingwea hadi bandarini kwetu. Karanga zilikataa, reli ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Sisi tumebaki na kata inayoitwa Reli. Hata ingekuwapo leo isingetufikisha Dar, maana ilielekea bara, si kaskazini. Mwenzetu wa Dodoma ana bahati nyingine. Tangu Julai 2024 anapanda treni ya umeme, anafika Dar kwa saa kama 4, na nauli ya kawaida ilianza na shilingi 31,000. Kwake ndege imepata mpinzani wa kweli: kitu cha bei ya basi chenye mwendo unaoikaribia ndege ukihesabu mlango kwa mlango. Sisi hatuna hicho cha katikati. Tuna basi la kutwa nzima na ndege ya saa moja, na baina yao pengo tupu. Ndiyo maana kwetu kuchagua vibaya kunauma zaidi.

Tuanze na basi, maana ndilo wengi wetu tunalipanda. Barabara ya Mtwara hadi Dar ni kilometa 560 hivi. Nauli yake haitoki kichwani mwa mwenye basi. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, inapanga kiwango cha juu kwa kila kilometa ya abiria mmoja. Viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati, yale mabasi yenye viti viwili kwa viwili. Zidisha mwenyewe: daraja la kawaida linakuja kama 27,000, la kati kama 38,000. Viwango hubadilika, lakini njia ya kuzidisha haibadiliki. Mpiga debe akikutajia bei ya ajabu siku za sikukuu au wakati pesa ya korosho imetoka, wewe una kalamu.

Ndege haina hesabu ya namna hiyo. Viti vya ndege moja huuzwa kwa bei tofauti tofauti. Vichache vya bei ya chini hutoka kwanza, kisha bei inapanda ngazi kwa ngazi kadiri siku inavyokaribia na ndege inavyojaa. Zile ndege za mapangaboi za Air Tanzania tunazoziona huku, Dash 8, zina viti 76 tu. Semina moja ya serikali ikiangukia Mtwara, viti vya bei nafuu vimekwisha. Kwa hiyo jirani wawili wa mtaa mmoja wanaweza kukaa kiti na kiti angani, mmoja kalipa karibu mara mbili ya mwenzake, na hakuna aliyeibiwa. Aliyekata wiki sita kabla kanunua utulivu wa ratiba yake. Aliyekata juzi kanunua dharura.

Sasa tuchukue watu tuwape sura. Mume na mke wa hapa Chuno. Mama ana miadi ya kliniki Muhimbili Jumatatu saa 2 asubuhi. Anakwenda na mumewe, wanarudi pamoja. Tuseme wamepata tiketi za ndege kwa shilingi 200,000 kila mmoja kwa kila upande. Ni mfano wangu tu, wewe weka bei utakayoikuta. Kwenda na kurudi, watu wawili, ni 800,000. Kwa basi la daraja la kati, 38,000 mara nne, ni 152,000. Tofauti ni 648,000. Basi lina gharama za njiani: chai, wali wa Nangurukuru, maji, na vijisenti vya kila linaposimama. Tuondoe 48,000 kwa ajili ya hayo. Imebaki 600,000.

Hizo laki 6 zinanunua nini? Muda. Lakini muda kiasi gani? Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Husema ndege saa 1, basi saa 10, kwa hiyo nimeokoa saa 9. Sivyo. Ndege ikiruka saa 5 asubuhi, wewe unatakiwa uwanjani kama saa 3, basi nyumbani umetoka saa 2 na nusu. Unatua saa 6, unasubiri begi, unapambana na foleni kutoka Kipawa hadi Upanga. Ukifika saa 7 na nusu mchana umefanya vizuri. Saa 5 zimekwenda. Kwa basi, unaamka kabla ya adhana, saa 11 unatafuta bajaji ya kwenda stendi ya Mkanaledi, basi linaondoka saa 12, Mbagala mnaingia saa 10 jioni, Upanga unafika saa 11 na nusu. Saa 12 na nusu. Umeokoa saa 7 na nusu, si 9. Watu wawili, kwenda na kurudi, jumla saa 30.

Gawanya: 600,000 kwa saa 30. Kila saa moja waliyoiokoa wale jirani zetu wameinunua kwa shilingi 20,000.

Hiyo ndiyo namba ninayotaka mtu aitafute kabla ya kukata tiketi, kwa sababu sasa kuna kitu cha kuilinganisha nacho. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa siku 22 za kazi, saa 8 kila siku, saa moja ya kazi inalipwa chini kidogo ya 3,000. Mtu wa mshahara huo anayepanda ndege kwa pesa yake ananunua saa kwa karibu mara 7 ya anavyoiuza ya kwake. Anayemiliki duka soko la Chuno, ambaye akifunga siku mbili anapoteza faida ya laki na zaidi, hesabu yake ni nyingine. Mtu wa safari ya kikazi, tiketi analipiwa na ofisi, hana hesabu kabisa, apande ndege atuache.

Ipo namna ya kuipunguza ile namba bila kuwa tajiri. Si lazima safari nzima iwe ya chombo kimoja. Yule mama tarehe yake ya kwenda inajulikana mwezi mzima kabla, kwa hiyo tiketi ya kwenda anaweza kuipata mapema na kwa bei ya chini. Tarehe ya kurudi ni ya daktari. Huenda akaambiwa arudi Alhamisi kwa majibu, huenda akaambiwa alazwe. Tiketi za ndege za bei ya chini ndizo zenye masharti magumu: kubadilisha siku kunalipiwa, na ukikosa ndege pesa imekwenda au inarudi nusu nusu. Kwa hiyo kwenda kwa ndege na kurudi kwa basi ni mpango wenye akili kuliko watu wanavyoudhania. Tena mzigo wa kurudi ni mzito kuliko wa kwenda. Ndege inakuruhusu kilo 23 za begi, basi linapokea kwenye buti ndoo, godoro na friji ya shemeji, mkikubaliana na kondakta.

Jambo jingine la jiografia wanalolisahau wanaosifu ndege: Dar ya watu wa kusini ni ipi? Wengi wetu tuna ndugu Mbagala, Kongowe, Temeke, kandokando ya barabara ya Kilwa. Basi linatokea Mkuranga na kupita mlangoni kwao kabla halijafika mjini. Mtu anayekwenda kwa dada yake Rangi Tatu anashuka, anavuka barabara, yuko nyumbani. Kwake zile saa 7 na nusu zinapungua karibu kuwa 6, na bei ya saa moja inapanda. Anayekwenda Mbezi Beach au Bagamoyo hali yake ni kinyume kabisa.

Sasa usalama. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa maneno mengi yanayosemwa ni ya hofu.

Hofu ya ndege ilitushika Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Viktoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43, wakafariki 19. Picha zile kila mtu anazo kichwani. Lakini tuulize ajali za ndege za abiria hutokea wapi: mara nyingi karibu na uwanja, wakati wa kuruka au kutua. Maana yake hatari ya ndege ni ya safari, haiongezeki sana kwa umbali. Na kwa ndege za ratiba duniani, katika safari milioni moja ajali ya kuua watu haifiki hata moja. Basi ni tofauti. Hatari yake inaongezeka kila kilometa, kila gari linalopishana nalo, kila saa ambayo dereva yuko usukani. Kwa kilometa 560 za njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, bila ukuta katikati, ndege ni salama zaidi, na si kwa kidogo. Mwenye kubishana na hilo anabishana na hofu yake.

Ila abiria wa basi ana kitu ambacho abiria wa ndege hana: anaweza kuchagua basi, na anaweza kuona mambo yanapoharibika. Nianze na mwendo. Mwendo wa juu wa basi kisheria ni kilometa 80 kwa saa. Gawanya 560 kwa 80, unapata 7. Hizo ni saa 7 za basi lisilosimama, lisilopita mizani ya Vikindu, lisilopunguza mwendo vijijini penye alama za 50, lisilompa mtu nafasi ya kuchimba dawa. Kwa hiyo basi halali haliwezi kukufikisha kwa saa 7. Saa 9 ni mwendo mzuri, saa 10 ni kawaida. Kijana wa tiketi akikwambia "sisi saa saba tu, mama, tumefika," amekueleza kwa mdomo wake kwamba dereva wao huvunja sheria, na wewe umekaribia kumlipa kwa hilo. Haraka ndicho kitu pekee ambacho basi haliwezi kukuuzia kwa halali kwenye njia hii. Anayeitaka akanunue kwenye ndege.

Mabasi haya yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, na LATRA wanaliona basi lilipo na linavyokwenda. Dereva akipita 80 kifaa hulia humo humo ndani. Mnaokaa viti vya mbele mnakijua kile kilio. Kikilia mara moja kwenye mteremko si neno. Kikilia mfululizo na dereva hashtuki, au kikinyamaza safari nzima ilhali miti ya Kibiti inawapita kama mishale, kuna jambo, na abiria ana haki ya kusema. Kusema kwenyewe kuna adabu yake. "Suka, tupeleke taratibu, tuna watoto" hufanya kazi kuliko matusi, na akisema mama mtu mzima hufanya kazi zaidi.

Halafu kuna usiku. Kwa takriban miaka 30 mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku kwa sababu ya ajali. Juni 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba yataruhusiwa, na tangu Oktoba mwaka ule LATRA ikaanza kutoa ratiba za usiku. Kwa hesabu yetu ya bei ya saa, basi la usiku ni mshindani hodari. Unapanda jioni, unafika Mbagala alfajiri, na saa ulizotumia ni za kulala. Hukupoteza siku ya kazi na hukulipia gesti. Ndege haikuokolei tena saa 7 na nusu, huenda ni mbili tatu tu za mchana.

Lakini mwili wa dereva nao unajua kuwa ni usiku. Kati ya saa 8 na saa 11 alfajiri usingizi unamtafuta mtu hata kama alilala mchana. Na barabara yetu ina mambo yake saa hizo. Malori ya saruji ya kiwanda cha Dangote yanatumia njia hiyo hiyo, na lori likiharibika mara nyingi alama unayoikuta barabarani ni matawi ya mti yaliyotupwa nyuma yake. Mchana unayaona toka mbali. Usiku unayaona ukiwa umeshayafikia. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kulipia basi la usiku ni moja: dereva wa pili yuko wapi? Safari inayozidi saa 8 inahitaji madereva wawili. Awe mtu kweli, si jina kwenye karatasi, tena awe amekaa mahali pa kupumzika, asiwe anapakia mizigo na kugombana na abiria mpaka zamu yake. Ukishindwa kumwona, ngoja la saa 12 asubuhi.

Kwa yule mama wa Muhimbili mimi nisingempandisha basi la usiku. Siyo kwa ajili ya ajali tu. Mgonjwa aliyekaa saa 10 miguu imening'inia, hajalala, anafika kliniki presha imepanda na miguu imevimba, na daktari anapima uchovu wa safari badala ya ugonjwa.

Limebaki la kutegemeka, nalo kwetu kusini lina majira. Wazee wanakumbuka kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 kufunguliwa mwaka 2003, ambapo masika ilikuwa mtu hajui atafika lini. Lami ikatusahaulisha. Kisha kimbunga Hidaya kikapiga pwani Mei 4, 2024, mvua ikasomba makalavati na kukata barabara sehemu kadhaa kati ya Somanga na Lindi. Mabasi yakakwama pande zote mbili. Njia iliyobaki kwa magari ilikuwa ya Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa hadi Morogoro, mzunguko wa zaidi ya mara mbili ya safari yenyewe. Siku hizo kiti cha ndege kilikuwa kama dhahabu, na aliyekuwa nacho alikuwa amekikata kabla hajasikia habari za kimbunga.

Ndege nayo ina namna yake ya kukwama. Basi likiharibika Nangurukuru, utapandishwa jingine ufike usiku. Ndege ikifutwa, huenda inayofuata ni kesho, na nayo ina watu wake. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ililazimika kubadili ratiba kwa sababu injini za ndege zake za Airbus A220 zilikuwa na hitilafu iliyosumbua mashirika mengi duniani. Ndege chache zikigawanywa kwa mikoa mingi, kituo chenye safari chache ndicho huumia kwanza. Upanuzi wa uwanja wetu, kwa njia ya kurukia iliyofikia mita 2,800 na taa za kuongozea, umeondoa vikwazo vya upande wa Mtwara. Hauwezi kuondoa vya upande wa karakana Dar.

Kwa hiyo miadi isiyosubiri, iwe kliniki, usaili wa kazi au ndege ya kwenda nje, haifai kufungwa kwenye siku ile ile ya safari, uwe umepanda chombo chochote. Mwenye miadi Jumatatu saa 2 asubuhi, kwa ndege aondoke Jumapili ya asubuhi ikiwa ipo nyingine ya jioni nyuma yake. Haipo, aondoke Jumamosi. Kwa basi la mchana, Jumamosi. Kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikiwa imenyesha Kilwa siku mbili mfululizo, Ijumaa, na kabla ya hapo asikilize tangazo la TANROADS na apige simu kwa mtu aliyeko Somanga amwulize maji yamefika wapi.